Nani atampeleka Bibi kliniki? Jinsi haja ya mtaani inavyogeuka kuwa huduma

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya Alfajiri, alikuwa akionekana mzee mmoja ameketi kwenye baraza ya msikiti wetu mdogo hapa Tanga, mkononi ameshika bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Ndani ya bahasha mna kadi ya kliniki, daftari la shule ambalo madaktari huandikia maelezo yao, na karatasi za vipimo vya miaka iliyopita. Mzee huyo hakuwa akisubiri darsa. Alikuwa akimsubiri mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye siku hiyo asingeonekana shuleni.

Nilimpita mzee huyo kwa mwaka mzima. Nilimwamkia, akaniitikia, nikaenda zangu. Aliyemwona kwa hakika ni mama mmoja mjane anayeuza maandazi na chai kwenye kona iliyo mbele ya msikiti. Mama huyu ameniomba nisiandike jina lake, nami nitamheshimu kwa hilo. Lakini amekubali nieleze alivyofanya, tangu siku alipoona haja hiyo hadi siku alipoigeuza kuwa kazi, pamoja na makosa yake, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa msomaji.

Wengi wetu tunapotaka kuanzisha shughuli hutazama jirani anafanya nini. Mmoja akifungua kibanda cha kutuma na kupokea fedha, baada ya miezi mitatu vibanda huwa vitano. Huko ni kutazama haja ambayo tayari imekwisha kutimizwa. Haja isiyotimizwa haina kibanda wala bango. Dalili yake ni kwamba watu wamekwisha kuizoea, na kila nyumba imejitengenezea njia yake ya kuihangaikia. Mtoto anakosa shule, binti anafunga genge lake, au mzee anajikongoja peke yake. Ukimwuliza mwenye nyumba kama ana shida, atakwambia hana, maana kwake hayo si shida tena, ni mambo ya kila mwezi.

Mama wa maandazi alikuwa na bahati ya mahali. Anakaa pale tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na kila atokaye mtaani kwenda barabara kuu hupita mbele ya meza yake. Aligundua kwamba Jumanne na Alhamisi, ambazo ni siku za kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, sura za wapita njia hubadilika. Basi katika kurasa za nyuma za daftari lake la mikopo akaanza kuandika. Hakuandika maoni, aliandika alichokiona tu: mtu mzima fulani amepita saa ngapi, na nani, na amerudi saa ngapi. Aliendelea hivyo kwa mwezi mmoja.

Mwisho wa mwezi alikuwa na safari ishirini na moja. Katika hizo, kumi na moja mzee alifuatana na binti au mkwe wake, na karibu wote hao ni wanawake wenye biashara ndogo ndogo. Safari sita zilikuwa na mtoto wa shule. Nne mzee alikwenda peke yake. Waliowahi kurudi walirudi saa saba mchana, na waliochelewa waliingia mtaani adhana ya Alasiri ikiadhiniwa.

Hapo ndipo lilipomjia wazo lake la kwanza, nalo lilikuwa na kasoro. Aliwaza kwamba wazee wanahitaji usafiri. Akazungumza na kijana mmoja mwenye bajaji ili wapatane bei nafuu ya kwenda na kurudi. Kijana akakubali. Lakini kabla ya kutangaza chochote, mama huyu alifanya jambo la busara. Alikwenda kuuliza kwanza.

Kuuliza nako kuna namna yake. Sisi watu wa pwani tumelelewa kutomvunja mtu moyo. Ukimwendea jirani ukamwambia, "Je, nikianzisha huduma ya kuwapeleka wazee kliniki, utapenda?" atakujibu kwamba ni wazo jema, na inshaallah atakuunga mkono. Jibu hilo ni la adabu, wala huwezi kulijengea hesabu. Mama wa maandazi hakuuliza habari ya siku zijazo hata kidogo. Aliuliza juu ya mara ya mwisho. Mara ya mwisho mlipompeleka Bibi, mlitoka saa ngapi? Nani alikwenda naye? Mlitumia shilingi ngapi? Kazi gani ya nyumbani au ya dukani ililala siku ile? Na daktari alisema nini?

Tena aliwauliza mbalimbali, mzee peke yake na binti peke yake. Alijua mzee hatakiri mbele ya mwanawe kwamba anaona aibu kumsumbua, wala binti hatakiri mbele ya mama yake kwamba amechoka.

Majibu yalimbadilisha. Juu ya usafiri hakuna aliyelalamika. Bajaji zipo tele, na nauli wanaimudu. Kinachokula siku ni kule ndani. Kuna kuandikishwa mapokezi, kisha kungoja kupimwa damu, kisha kungoja majibu, kisha kungoja kuitwa kwa daktari, kisha dirisha la dawa, na dawa moja ikikosekana, kutafuta duka la nje. Mzee ambaye masikio yake yamekuwa mazito hasikii jina lake likiitwa, na anaposhtuka waliokuwa nyuma yake wamekwisha kuingia. Ambaye macho yake yana ukungu hasomi namba za vyumba.

Na swali lile la mwisho, la daktari alisema nini, halikuwa na jibu katika nyumba karibu zote. Mwanamke mmoja, ambaye kaka yake yuko Maskati na ndiye anayetuma fedha za dawa, alieleza kwamba kila usiku wa siku ya kliniki kaka hupiga simu kuuliza hali ya mama. Mama hujibu, "Daktari kasema dawa zile zile." Miezi miwili baadaye iligundulika kwamba dawa moja ilikuwa imeongezwa kipimo, naye alikuwa akimeza kama zamani.

Basi huduma iliyohitajika haikuwa bajaji. Alihitajika mtu mwenye subira atakayeketi pale kwenye benchi, asikie jina likiitwa, aingie na mzee kwa daktari ikiwa mzee mwenyewe ameridhia, na arudishe nyumbani habari iliyo sahihi. Kama mama huyu angeanza na bajaji, angekuwa ameshindana na vijana ishirini walioko kituoni, na haja yenyewe ingebaki palepale.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo daftari lake lisingeweza kumwonyesha. Ukikaa njiani utawaona wanaopita, na wasiopita hutawaona kamwe. Katika kuuliza kwake nyumba kwa nyumba alikuta wazee watatu ambao hawakuwa wamekanyaga kliniki kwa miezi kadhaa. Mmoja alikuwa ameacha tangu binti yake aolewe Korogwe. Hawa ndio waliokuwa katika hatari kubwa, kwani kisukari na shinikizo la damu ni maradhi yanayoweza kwenda kimyakimya, na mtu huweza kujiona mzima hadi siku anapopooza au kidonda cha mguu kinapokataa kupona. Atakaye kuchunguza haja za mtaa wake asitosheke na kuhesabu wanaohangaika. Aulize pia ni nani aliyekuwa akihangaika zamani na sasa amekata tamaa.

Sasa tuje kwenye malipo, mahali ambapo mawazo mengi mema huzama. Mara ya kwanza mama alimsindikiza jirani yake bure. Mtaa mzima ukamsifu. Wiki iliyofuata watu wanne wakamwomba naye akawaambia kwamba kuna malipo kidogo. Wawili wakanyamaza hadi leo. Anasema alijifunza kwamba sifa za bure hazimwambii mtu kama huduma yake ina thamani. Mtu anayetoa fedha yake kabla ya siku ya kliniki, kisha mwezi wa pili akapiga simu mwenyewe bila kukumbushwa, huyo ndiye aliyetoa ushahidi. Na kwa kuwa wazee hawa huitwa kliniki mara moja kwa mwezi, jaribio la wiki mbili lisingemwonyesha chochote. Alijipa miezi miwili na nyumba tatu tu.

Bei aliipata kwa kutazama kile kinachopotea. Binti anayeuza samaki aliyekaangwa alikadiria kwamba siku ya kliniki humkosesha faida ya shilingi elfu kumi na tano. Mama akaweka elfu kumi kwa safari moja, nauli juu ya mwenyewe. Kwa binti yule ilikuwa nafuu. Kwa nyumba ambayo huwa inamtuma mtoto wa shule ilikuwa ghali, kwa sababu siku ya shule ya mtoto haina bei inayoonekana mkononi. Wanaolipa kwa wepesi zaidi, kama alivyoona baadaye, ni watoto walioko mbali, Dar es Salaam na Uarabuni, ambao fedha wanayo kidogo lakini hawana namna ya kuwapo. Kumbe basi anayehudumiwa ni mmoja na anayelipa ni mwingine, na msindikizaji hana budi kuwaridhisha wote wawili. Mzee anataka kuheshimiwa na kutoharakishwa. Mwana anataka ujumbe wa maandishi jioni ileile.

Ujumbe huo una mambo manne tu, na ameuweka hivyo kwa makusudi: vipimo vya leo, dawa zilizobadilishwa au zilizobaki vilevile, fedha iliyotumika pamoja na picha ya risiti, na tarehe ya kurudi. Hatoi ushauri wake. Daktari akisema jambo ambalo hakulielewa, humwomba alirudie au aliandike kwenye daftari la mgonjwa, kuliko kukisia.

Mwanzoni aliwaza kuchukua wazee watatu kwa asubuhi moja ili faida iongezeke. Siku ya kwanza tu mmoja aliitwa kwa daktari, wa pili akaitwa dirisha la dawa, na wa tatu akaenda msalani peke yake, nusura aanguke. Tangu siku hiyo hachukui zaidi ya wawili. Kwa siku mbili za kliniki katika wiki, hiyo ni safari kumi na sita kwa mwezi ikiwa nafasi zote zimejaa, nazo hazijai. Mwezi uliopita alikuwa na safari kumi na moja katika asubuhi sita. Alipokea shilingi laki moja na elfu kumi. Mdogo wake, anayeishika meza ya maandazi siku hizo, humlipa elfu tatu kwa kila asubuhi, jumla elfu kumi na nane. Uji na muda wa maongezi wa simu vilikula elfu nane. Zikabaki elfu themanini na nne. Si fedha ya kumfanya aache maandazi, naye hajaacha, wala simshauri mtu aanzishe kazi kama hii kwa kutegemea kuishi nayo peke yake.

Niliuliza habari ya uji, kwani sikuona uhusiano wake. Akanisimulia mkasa wa mwezi wa pili, na hapo nilifahamu kwa nini kazi inayoonekana nyepesi yahitaji elimu yake.

Bibi mmoja mwenye kisukari aliambiwa afike kliniki bila kula, kwa ajili ya kipimo cha damu. Kipimo cha namna hiyo kwa kawaida huhitaji mtu awe hajala kwa saa nane. Bibi alikula saa mbili usiku, akalala. Asubuhi akameza kidonge chake cha kisukari kama kawaida yake, wala hakumwambia mtu. Foleni ikawa ndefu. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa na saa kumi na nne bila chakula, na dawa ya kushusha sukari imo mwilini. Akaanza kutoka jasho jembamba, mikono ikatetemeka, akawa anamwita msindikizaji wake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Mama wa maandazi alidhani ni uchovu. Muuguzi aliyekuwa akipita ndiye aliyetambua kwamba sukari imeshuka, akampima, akampa maji ya sukari, na baada ya muda akarejewa na fahamu zake.

Tangu hapo jioni ya kabla ya kliniki mama hupiga simu nyumbani na kuuliza mambo mawili: je, kesho kuna kipimo cha kutokula, na wahudumu wa kliniki walisema nini juu ya dawa ya asubuhi? Kama nyumba haijui, mzee huulizwa tena mapokezi kabla ya kumeza chochote. Katika kikapu chake mna chupa ya uji wa kunywa mara tu damu inapokwisha kuchukuliwa, na kifuko cha sukari. Muuguzi alimfundisha pia mpaka wa msaada wake: sukari hupewa mtu aliye macho na awezaye kumeza, na aliyepoteza fahamu hatiwi kitu kinywani, bali huitiwa wahudumu papo hapo.

Kosa jingine halikuwa la kitabibu. Siku moja akiwa mezani pake, katika mazungumzo ya kawaida na wateja wa chai, alimtaja mzee fulani na kidonda chake. Hakukusudia ubaya, alikuwa akimwonea huruma. Habari zikafika nyumbani kwa mzee kabla ya Adhuhuri, na nyumba ile haikumpigia simu tena. Anasema fedha aliyoikosa ilikuwa elfu kumi kwa mwezi, lakini kwa wiki tatu hakupokea mteja mpya hata mmoja. Siri ya mgonjwa ni amana, na katika kazi inayoingia vyumbani mwa watu amana hiyo ndiyo mtaji wote. Sasa daftari la maelezo hubaki nyumbani kwa mgonjwa, na ujumbe wa simu hutumwa kwa mtu mmoja tu aliyetajwa na mzee mwenyewe.

Huwachukua wanawake. Wazee wa kiume amemwachia mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, kwa sababu kumsaidia mzee wa kiume msalani au wakati wa kupimwa si jambo la kumfaa yeye wala mzee. Hesabu za kijana ni zake mwenyewe.

Na wale wazee watatu waliokuwa wameacha kliniki? Mmoja wao mwanawe alijitokeza kulipa baada ya kuelezwa. Wawili hawakuwa na wa kuwalipia. Haja yao ilikuwa kubwa kuliko za wengine, lakini haja isiyo na mlipaji haiwi biashara kwa kuitamani tu. Mama alilipeleka jambo hilo kwa kamati ya msikiti, akiwa na daftari lake mkononi, na kamati ikakubali kulipia safari mbili kila mwezi kutoka katika sadaka za Ijumaa. Hizo zimo katika zile kumi na moja nilizozitaja. Tena aliwasaidia kwenda serikali ya mtaa kufuatilia utambulisho wa wazee kwa ajili ya matibabu, kwani Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaelekeza kwamba mtu wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Mmoja wao hakuwa amewahi kuisikia, na alikuwa amekaa nyumbani akidhani atadaiwa.

Si kila haja aliyoiona mama huyu inafaa kufanywa kazi ya mtu. Katika daftari lake mna nyingine mbili. Moja ni taa ya barabarani iliyozimika karibu na madrasa ya jioni, nayo ameiandikia jina la mwenyekiti wa mtaa, kwani hapana mtu wa kuuziwa mwanga wa njia ya wote. Ya pili ni watoto wa chekechea wanaotoka shule saa sita mchana ilhali mama zao wako sokoni hadi jioni. Hiyo inamvutia, lakini ameambiwa na afisa ustawi wa jamii kwamba kituo cha kulelea watoto mchana hakianzishwi bila usajili, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa hiyo kwa sasa anahesabu tu: watoto wangapi, nani hukaa nao, na wanakula nini saa saba.

Jumanne ya kwanza ya mwezi huu nilimkuta mzee wangu barazani, bahasha ya kaki mkononi, kijana wa kidato cha nne ameketi kando yake akimsomea kadi ili kuhakikisha tarehe. Mjukuu alipita mbele yetu na begi la shule mgongoni. Akambusu babu yake mkono, kisha akakaza mwendo, kwani alikuwa amechelewa.